Mwaka wa Kwanza Ukiwa Mgumu: Kubadili Kozi au Kubaki

Mwanafunzi anayefanya vibaya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huwa ameangushwa na moja kati ya mambo matatu. Pengine kozi yenyewe haimfai. Pengine kozi inamfaa, ila namna yake ya kusoma bado ni ile ya sekondari. Au pengine hakuna tatizo katika kozi wala katika usomaji, ila mwaka uliharibiwa na mambo ya nje ya darasa: ugonjwa, msiba, fedha, makazi. Kubadili kozi hutibu jambo la kwanza tu. Yale mawili mengine humfuata mwanafunzi hadi kozi mpya, na huko humkuta akiwa na mwaka mmoja mkononi pungufu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama inafaa kuhama, inafaa kujua ni lipi kati ya hayo matatu lililotokea. Jibu halipatikani kwa kutafakari kitandani wakati wa likizo. Sehemu yake kubwa imo katika karatasi ya matokeo, ambayo wanafunzi wengi huisoma juu juu: wanatazama wastani wa jumla, ule wanaouita jipiei, wanahesabu sapu, kisha wanafunga ukurasa.

Hali ya msomaji aliyeuliza swali hili ni ya kawaida katika vyuo vya Tanzania. Alitoka kidato cha sita na mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, akaingia uhandisi wa umeme, kozi ya miaka minne. Kilichompeleka huko ni alama zake pamoja na kauli ya nyumbani kwamba mtoto wa PCM ni injinia. Mwaka umekwisha akiwa na sapu mbili na wastani wa 2.5, na sasa anafikiria kuhamia uhasibu, kwa kuwa wenzake walioko huko wanaonekana kupumua.

Ili matokeo yake yasomeke, kwanza vipimo. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katika vyuo vingine vinavyofuata utaratibu wa namna hiyo, alama 70 na zaidi ni A, 60 hadi 69 ni B+, 50 hadi 59 ni B, 40 hadi 49 ni C, 35 hadi 39 ni D, na chini ya hapo ni E. Kila daraja lina pointi zake: A ina 5, B+ ina 4, B ina 3, C ina 2, D ina 1, na E haina kitu. D na E ni kufeli, na somo lililofeliwa hurudiwa kwa mtihani wa sapu. Mwaka mzima una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Maana yake chuo kinatarajia saa 1,200 kwa mwaka. Mihadhara na mazoezi ya darasani huchukua sehemu tu ya saa hizo. Zilizobaki ni za mwanafunzi mwenyewe, na hakuna kengele ya prepo inayomwita.

Kwa urahisi tuseme alisoma masomo kumi yenye krediti 12 kila moja. Muhula wa kwanza alipata D katika hisabati, D katika mekanika, C katika misingi ya umeme, B katika uchoraji wa kihandisi na B+ katika stadi za mawasiliano. Hizo ni pointi 11 kwa masomo matano, yaani wastani wa 2.2. Muhula wa pili alipata C katika hisabati ya pili, C katika sayansi ya malighafi, B katika misingi ya umeme ya pili, B katika kazi za karakana na B+ katika uandishi wa programu za kompyuta. Pointi 14, wastani wa 2.8. Jumla ya mwaka ni pointi 25 kwa masomo kumi, na ndiyo ile 2.5 iliyomvunja moyo.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba namba 2.5 inaficha mwendo. Huyu hakuanguka mwaka mzima. Alianguka muhula wa kwanza, akaanza kunyanyuka muhula wa pili. Mwanafunzi ambaye kozi haimfai kwa kawaida huonyesha kinyume chake: huanza kwa nguvu alizotoka nazo shuleni, kisha hushuka kadiri masomo yanavyozidi kuwa ya kozi yenyewe. Jambo la pili ni umeme. Somo lililo moyo wa kozi yake lilitoka C likawa B. Jambo la tatu ni kompyuta, ambako alipata B+ bila mtu kumsukuma.

Kisha inabidi kuingia ndani ya zile D mbili, maana D si lazima ifanane na D nyingine. Katika vyuo vingi alama 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Kwenye hisabati alikuwa na 12 kati ya 40 za muhula, kisha akapata 25 kati ya 60 za mtihani. Jumla 37. Kwenye mekanika alikuwa na 26 kati ya 40, kisha akapata 12 kati ya 60. Jumla 38. Karatasi ya matokeo inaandika D na D, lakini hayo ni maradhi mawili tofauti kabisa.

Katika hisabati alipoteza majaribio ya mwanzo, halafu akafanya mtihani wa mwisho vizuri kuliko majaribio. Huyo ni mtu aliyechelewa kuamka. Wanafunzi wa PCM hukutana na mtego huu mara nyingi: wiki za mwanzo za hisabati ya chuo hurudia mambo ya kidato cha sita, utofautishaji na utengamano, na mwanafunzi hujiona yuko nyumbani. Ghafla mhadhiri anavuka mpaka na kuingia katika mfululizo na aljebra ya matriki, kwa mwendo ambao mada iliyochukua mwezi shuleni inamalizika kwa mihadhara miwili. Jaribio la kwanza linamkuta bado anafurahia marudio.

Katika mekanika alielewa, akapata alama nzuri muhula mzima, kisha akaanguka siku ya mtihani. Kuanguka kwa namna hiyo, kutoka asilimia 65 hadi asilimia 20, hakusababishwi na ugumu wa somo. Kuna kitu kilitokea. Kwa msomaji huyu kilikuwa malaria katika wiki ya mitihani. Hapa kuna kosa la kiutaratibu linalorudiwa kila mwaka: mwanafunzi mgonjwa anajikaza, anaingia chumba cha mtihani, anafeli, halafu anapeleka cheti cha daktari baadaye. Kanuni za vyuo humruhusu mgonjwa kuahirisha mtihani na kufanya mtihani maalumu, lakini taarifa na cheti vinapaswa kufika kabla ya mtihani. Akishakalia kiti na kuandika, matokeo yake huhesabiwa kama ya mtu mzima wa afya. Mtihani maalumu hurekodiwa kwa alama halisi, ilhali sapu, katika vyuo vingi, hata mwanafunzi akipata 80, huandikwa C.

Kwa kusoma karatasi tu, basi, sababu mbili kati ya tatu zimejitokeza: usomaji katika hisabati, na ugonjwa katika mekanika. Sababu ya kwanza, kwamba kozi haimfai, bado haina ushahidi. Lakini haijafutwa, kwa kuwa mtu anaweza kufaulu jambo asilolipenda. Bahati ni kwamba sapu zenyewe zinaweza kutumika kama kipimo.

Sapu kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa likizo ndefu, kabla ya mwaka mpya kuanza. Zipo wiki kadhaa kati ya matokeo na sapu, na katika wiki hizo mwanafunzi ana somo moja au mawili tu ya kushughulikia, hana mihadhara mingine, hana foleni ya maktaba. Ni nafasi ambayo hataipata tena chuoni, ya kuona uwezo wake katika somo hilo ukiwa umeondolewa vizuizi vyote. Sharti ni kwamba asisome kwa njia ileile iliyomwangusha.

Njia ileile, kwa wengi, ni kusoma madesa mara tatu nne huku wakipigia mistari. Mwaka 2006 watafiti wawili wa saikolojia nchini Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio linalofaa kujulikana na kila mwanafunzi. Kundi moja lilisoma maandishi kisha likayasoma tena. Kundi jingine lilisoma mara moja kisha likajipima kwa kuandika lilichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Anayerudia kusoma huhisi anajua, na hisia hiyo inamdanganya hadi siku ya mtihani.

Kwa hisabati ya uhandisi maana yake ni hii: achukue mitihani ya miaka iliyopita, afunge madaftari, aweke saa tatu mezani na aujibu mtihani mzima kwa kalamu. Kisha ajisahihishe, aone ni mada ipi iliyomtupa, airudie hiyo, na baada ya siku chache afanye mtihani mwingine. Mtihani wa kwanza utaumiza. Alama za mtihani wa tatu na wa nne ndizo za kutazama. Akipanda kutoka thelathini na kitu hadi hamsini na kitu, ugonjwa ulikuwa ni usomaji, na hisabati si sababu ya kuhama. Akifanya kazi hiyo kwa uaminifu kwa wiki tano na bado anazunguka kwenye arobaini, hapo ushahidi umegeuka na unapaswa kuheshimiwa, kwa sababu uhandisi wa umeme unaendelea kusimama juu ya hisabati mwaka wa pili na wa tatu.

Ipo pia dalili isiyoandikwa kwa alama. Katika wiki hizo, je, somo linaanza kumvuta linapoeleweka, au linabaki kuwa mzigo hata anapolipatia? Mtu anayechukia somo kwa sababu linamshinda huacha kulichukia siku linapoacha kumshinda. Anayelichukia hata anapolishinda ana jambo la kweli la kuieleza idara.

Ikifika hapo kuna kosa jingine la kuepuka, la kuihukumu kozi kwa mwaka wake wa kwanza. Katika uhandisi mwaka wa kwanza haufanani sana na uhandisi. Hisabati, mekanika, uchoraji, malighafi na karakana husomwa kwa karibu na matawi yote, wa umeme pamoja na wa majengo na wa mitambo. Mitambo ya umeme, mifumo ya kusafirisha na kusambaza umeme, udhibiti na mawasiliano vinakuja mbele. Asiyependa mwaka wa kwanza hajasema chochote bado kuhusu mambo hayo. Anachoweza kufanya ni kufungua kitabu cha programu za chuo, asome majina na maelezo ya masomo ya mwaka wa tatu, kisha amwombe mwanafunzi wa mwaka huo amwonyeshe madaftari na kazi zake. Mafunzo kwa vitendo, ambayo vyuo vya uhandisi huyapanga kwa majuma kadhaa mwishoni mwa mwaka, ni kipimo bora zaidi. Aliyekaa kwenye kituo cha kupozea umeme au karakana ya kiwanda kwa wiki nane anajua kama anataka kuamka kwenda huko kwa miaka thelathini.

Uchunguzi huohuo unaidai kozi anayoikimbilia. Uhasibu unaonekana mwepesi kwa sababu anautazama kwa nje, kupitia nyuso za marafiki. Achukue mitihani ya mwaka wa kwanza wa uhasibu, uchumi mdogo na takwimu za biashara, azime madesa, asome kwa wiki mbili, kisha ajaribu kujibu. Akiwa bado chuoni, aingie kwenye mihadhara miwili mitatu na akae nyuma. Wengi waliohama kwa kukimbia hisabati wamekutana nayo tena mlangoni ikiwa imevaa nguo za takwimu. Na anayehamia shahada ya sayansi na elimu ili afundishe hisabati na fizikia ajue kwamba mwalimu wa hisabati husoma hisabati nyingi kama mhandisi, na upande wa nadharia huenda akasoma zaidi yake.

Baada ya sababu, yanakuja mahesabu ya gharama. Watu wengi hubadili kozi kwa imani kwamba mwaka mbaya umeshaharibu shahada. Katika vyuo vya Tanzania alama za miaka yote huingia katika wastani wa mwisho, tofauti na vyuo vingi vya Uingereza ambako mwaka wa kwanza mara nyingi hauhesabiwi katika daraja la shahada. Kwa hiyo ushauri wa kutoka huko, kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuzoea tu, haufai hapa. Hata hivyo uharibifu una kiasi, na kiasi hicho kinahesabika.

Msomaji huyu akifaulu sapu zake mbili, zile D zinakuwa C. Pointi 25 zinakuwa 27, na wastani wa mwaka unakuwa 2.7. Amebakiwa na miaka mitatu. Kwa vipimo tulivyotumia, daraja la pili la juu huanzia 3.5. Ikiwa krediti za kila mwaka ni sawa, wastani wa miaka minne kuwa 3.5 unahitaji jumla ya 14 katika miaka yote, toa 2.7, inabaki 11.3 ya kugawa kwa miaka mitatu, karibu 3.8 kwa kila mwaka. Wastani wa 3.8 katika masomo kumi ni B+ nane na B mbili. Si mchezo kwa mtu aliyetoka 2.7, lakini hakuna A hata moja inayodaiwa. Akipata wastani wa 3.3 katika miaka hiyo mitatu atamaliza na 3.1, daraja la pili la chini, ambalo linaanzia 2.7. Daraja la kwanza, linaloanzia 4.4, ndilo lililopotea: lingemtaka wastani wa karibu 5 miaka yote iliyobaki. Hicho ndicho mwaka mbaya ulichochukua.

Upande wa pili wa mizani ni gharama ya kuhama. Uhamisho wa ndani, wa kutoka kozi moja hadi nyingine bila kupoteza kitu, hufanywa katika wiki za mwanzo za muhula wa kwanza, na dirisha hilo lilifungwa zamani. Baada ya mwaka mzima, anayehama kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza upya. Masomo machache yanayofanana, kama stadi za mawasiliano, yanaweza kukubaliwa kuhesabiwa, lakini uamuzi ni wa idara inayompokea na wa seneti ya chuo, na somo lililofauliwa kwa sapu haliwavutii. Lazima pia atimize sifa za kozi mpya kwa matokeo yake ya kidato cha sita, kama mwombaji mwingine yeyote. Mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huorodhesha kila kozi na masomo inayoyadai, na huko ndiko kwa kuanzia.

Hesabu ya miaka ina jambo ambalo wengi hawalioni. Shahada ya uhandisi ni miaka minne, na shahada nyingi za biashara, elimu na sayansi ni miaka mitatu. Msomaji huyu akianza upya kozi ya miaka mitatu, atamaliza mwaka uleule ambao angemaliza uhandisi. Kwa kalenda hapotezi kitu. Mwenzake aliyeko kozi ya miaka mitatu anayetaka kuhamia ya minne yuko katika hali tofauti: atakaa chuoni miaka mitano badala ya mitatu. Swali la kuhama linajibiwa tofauti kwa hao wawili hata kama alama zao ni sawa.

Fedha ndizo zenye miiba. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hupangwa kwa mwanafunzi katika kozi fulani, chuo fulani, kwa miaka ya kozi hiyo. Hauhami wenyewe mwanafunzi anapohama. Aliyehama kwa idhini ya chuo lazima ahakikishe taarifa zake zimehamishwa na kukubaliwa na Bodi, la sivyo bumu litasimama. Aliyeacha masomo na kuomba upya anahesabiwa kwa masharti mengine, ambayo yanaweza kumdai arejeshe kwanza sehemu ya alichokwishapokea. Masharti hayo huandikwa katika mwongozo wa mwaka husika na hubadilika. Fedha za mwaka uliopotea hazifutiki. Zinabaki kuwa deni, na siku akiajiriwa zitakatwa pamoja na nyingine, asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Afisa mikopo wa chuo ndiye mtu wa kwanza kuonwa, kabla hata ya mkuu wa idara. Wanafunzi hufanya kinyume, wanajikuta wamepata barua ya uhamisho na kupoteza ada.

Kati ya kubaki na kuhama ipo njia ya tatu, ambayo haitajwi sana: kuahirisha mwaka. Kanuni za vyuo huruhusu mwanafunzi kusimamisha masomo kwa sababu kama ugonjwa, matatizo mazito ya kifamilia au kukosa ada, kwa maombi ya maandishi na kibali, kisha akarudi mahali alipoachia. Hii ndiyo dawa ya sababu ile ya tatu. Mwanafunzi aliyefiwa na mlezi wake, au aliyekuwa akifanya kazi za usiku ili ale, hana ugomvi na kozi. Ana ugomvi na mwaka. Kuahirisha hakufai kwa asiyejua anataka nini, kwa sababu mwaka wa kukaa nyumbani haumfundishi mtu kama anapenda mitambo ya umeme.

Nyumbani nako kuna kazi. Mzee aliyeuza ng'ombe au aliyechukua mkopo wa kikundi ili mtoto aende chuo hatasikia vizuri neno "nimeona kozi hainifai". Atasikia uvivu. Mazungumzo hayo huenda vizuri zaidi yanapobeba karatasi: haya ndiyo matokeo, hapa niliugua, hapa nilichelewa, sapu nimepata hivi, kozi nyingine inachukua miaka hii, mkopo utakuwa hivi. Mzazi ambaye hakusoma chuo anaelewa hesabu ya miaka na fedha kuliko mtoto anavyodhani. Na pale ambapo mjomba au shangazi ndiye aliyechagua kozi, ni busara kumpitia yeye kwanza.

Mpangilio wa hatua una umuhimu wake kwa sababu ya kalenda. Maombi ya udahili hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa awamu, na siku hizi mwombaji hupeleka maombi moja kwa moja chuoni, huku TCU ikihakiki orodha za vyuo vyote. Mtu aliyesajiliwa tayari katika kozi moja ataonekana hivyo kwenye mfumo, hivyo hawezi kushika nafasi mbili kimyakimya. Dirisha la maombi linaweza kufungwa kabla sapu hazijatoka. Ndiyo maana maswali ya afisa mikopo, ya idara inayotarajiwa na ya ofisi ya udahili yaulizwe mapema, mara tu matokeo yanapotoka, hata kama uamuzi wenyewe unangoja mitihani ya majaribio aliyojipa mezani.

Kwa msomaji aliyeuliza, ushahidi uliopo unaegemea kubaki. Umeme unapanda, hisabati ilikuwa ikipanda muda ulipoisha, mekanika ilizamishwa na malaria, na uhasibu haujaonyesha mvuto wowote isipokuwa utulivu wa walioko huko. Kama bado moyo unasukuma nje, alama zake zinaelekeza kwenye kompyuta kuliko kwenye vitabu vya hesabu za fedha, na kozi hiyo ndiyo ya kuchunguza kwanza. Kitakachobadili hukumu hii ni kimoja: akijipima kwa wiki tano kwa mitihani ya zamani na hisabati ikabaki palepale. Hapo ahame, tena bila aibu, akiwa na miaka yote mitatu mbele yake.

Lolote atakaloamua, alifanye kwa maandishi. Anayeondoka chuoni bila barua huandikwa kuwa ametoroka masomo, na ni rekodi hiyo ambayo chuo kinachofuata, pamoja na Bodi ya Mikopo, vitaikuta.